Notisi kwa Tambuu

Katika miaka ya tisini nilifanya kazi kwenye ofisi ndogo ya tafsiri karibu na stesheni ya Gare du Nord, Brussels. Kazi yangu ilikuwa kukagua tafsiri kabla hazijamfikia mteja, na kwa kuwa mimi ni mbishi tangu Tanga nilikozaliwa, nililipwa kwa tabia yangu.

Siku moja mama mmoja mwenye kiwanda cha dobi huko Evere alituletea mkataba wa kazi. Alikuwa na wapiga pasi kutoka Sri Lanka, na alitaka wajue wanachotia sahihi. Sahihi ingekuwa kwenye Kifaransa, ndicho chenye nguvu. Kisinhala, lugha yao, kilikuwa cha kuwaelewesha tu. Nilimpenda mama yule kwa kujali hivyo.

Mtafsiri wetu wa Kisinhala alikuwa bibi aliyewahi kuwa mwalimu kwao. Mimi Kisinhala sijui hata salamu, kwa hiyo alinirudishia kwa Kifaransa sentensi moja moja, nami nikifuata kwenye asili. Kipindi cha majaribio hakikutupa shida, ila alisisitiza ieleweke kwamba hata siku za majaribio ni za kazi na zina mshahara. Saa za ziada zilitukalisha. Aliogopa watu wake wangezisoma kama msaada wa kumfaa tajiri wao wa kazi, basi akapanga maneno mpaka ikawa wazi: zikizidi saa za mkataba zinalipwa nusu zaidi, Jumapili na sikukuu mara mbili, na mapumziko ya kufidia yapo palepale.

Kisha notisi ya kuacha kazi. Mfanyakazi atoe wiki mbili, mwajiri mara mbili yake, zikihesabiwa kuanzia Jumatatu inayofuata, na lazima iwe kwa maandishi, la sivyo ni batili. Bibi akaweka kalamu chini. Alitaka kuongeza sentensi moja: hata ukimwambia tajiri kwa mdomo naye akakubali, bado hujatoa notisi.

Mkuu wetu, mtu wa Bukavu, alitikisa kichwa. "Bon, maman, andika vile iko. Siye hatuko ba-avocat. Ukiongeza yako, donc haiko tena traduction."

Alisema kweli, sisi hatukuwa mawakili. Mtafsiri haongezi wala hapunguzi. Sentensi ikabaki nje, na mpaka leo inaniuma.

Mwaka wa pili baada ya hapo, mpiga pasi mmoja alimjia bibi pale ofisini, bahasha mkononi. Alikuwa mtu mzima, mpole, shati lake limenyooka kuliko la mkuu wetu. Alikuwa amepata kazi kwenye dobi ya hospitali na ameshaianza. Barua ilitoka kwa mwajiri wake wa zamani, naye alitaka asomewe.

Bibi akasoma kimoyomoyo kwanza. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Wanasema uliondoka bila notisi," alimwambia, kisha akanieleza mimi kwa Kifaransa, kama alivyofanya kwa yote yaliyofuata. "Wanadai fidia ya wiki mbili."

Yule bwana hakuelewa. Alikuwa ameaga! Aliagiza tambuu, majani ya kutafuna ambayo kwao ni ya heshima, kutoka Paris, akaenda nayo kwa mama tajiri wiki mbili nzima kabla ya kuondoka, akainama, akamkabidhi fungu la majani kwa mikono miwili kama inavyomstahili aliyekupa riziki. Mama yule alilipokea, akatokwa na machozi, akamwambia aende salama. Kwetu pwani tambuu tunaijua. Mtu akikupokelea tambuu, maneno yameisha.

"Lakini mkataba uliusoma," bibi akamwambia kwa upole. "Niliandika humo kwamba notisi iwe kwa maandishi."

"Niliusoma," akajibu. "Nikadhani barua ni ya watu waliogombana. Ningempelekeaje barua mama yule, kana kwamba ana kosa?"

Nilimpigia simu mama tajiri mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya aibu. Alikiri kila kitu, majani na machozi. Hesabu za wafanyakazi zilishikwa na ofisi ya nje, na huko walikuta mtu ametoka bila karatasi. Mumewe alishatia sahihi madai. Sheria ilikuwa upande wao, akasema, na ndivyo ilivyokuwa. Nilikata simu kwa hasira, na hasira yangu haikumsaidia mtu.

Nikamwambia yule bwana tumtafutie chama cha wafanyakazi, huenda akapunguziwa. Akakataa. Fidia angelipa. Jambo moja tu alitaka, na bibi akachukua karatasi amwandikie kwa Kifaransa.

"Andika kwamba nitalipa," alisema. "Halafu andika kwamba niliaga. Mama yule anajua niliaga. Ajibu hilo tu."

Bibi aliandika hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na yule bwana akatia sahihi. Fidia ilipokelewa. Jibu halikuja.