Sanduku Tupu la Wastaafu

Baba yangu alizaliwa kabla reli haijafika ziwani, na hilo alilisema kila mtu aliyemjua isipokuwa karatasi yake ya kazi. Siku alipoomba kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba karibu na Homa Bay, alinyoa ndevu zenye mvi, akajipaka mafuta usoni, akamwambia msimamizi kwamba ni kijana. Nani angemwajiri mzee abebe marobota ya pamba? Wengine walifanya kinyume chake. Walikuwa vitoto vya kutumwa sokoni, wakajiongezea miaka ili wasirudishwe nyumbani. Basi kiwanda kizima kilikuwa na watu wa umri wa kubuni, na hakuna aliyejali mpaka suala la kustaafu lilipoingia.

Mimi nilikuwa karani wa mishahara pale, miaka ile ya kwanza ya Uhuru, msichana mwenye mdomo mrefu kuliko sketi yake, kama mama alivyopenda kuniambia. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kukata mchango wa Mfuko wa Wastaafu. Wafanyakazi walikuwa wameuunda wenyewe. Ukifikisha miaka hamsini na mitano unaruhusiwa kwenda nyumbani, na kila wiki unapewa posho mpaka Mungu akukumbuke. Baba alibakisha mwaka mmoja, kwa hesabu ya karatasi. Kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi la pamba. Akicheka anakohoa, akikohoa anashika ukuta. Alitaka jambo moja tu: kurudi kwetu upande wa Migori, alime mtama wake na alale bila kusikia mashine.

Sasa, watu waliamini pesa zao zinalala ndani ya sanduku la chuma ofisini kwa mwenyekiti wa Mfuko, kila mtu na fungu lake, zikimngoja kama mke mwaminifu. Mimi nilijua haikuwa hivyo. Nilichokata Ijumaa kiligawiwa wazee Jumamosi. Vijana wanawalipa wazee wa leo, na kesho watalipwa na vijana watakaowafuata. Hakuna wizi hapo, ndivyo mfuko ulivyopangwa. Na ulikwenda vizuri kabisa ulipoanza, maana watu kumi walikuwa wanambeba mzee mmoja.

Tatizo ni kwamba wazee walikataa kufa. Hospitali ya misheni ilikuwa inawadunga sindano, homa iliyokuwa ikiwamaliza sasa ikawa inawapitia tu. Na vijana nao walikuwa wanaondoka, huyu Kisumu, yule Nairobi, na mwenye kiwanda haajiri wapya. Kila mwaka waliostaafu waliongezeka na wachangiaji wakapungua, mpaka ikawa watu watano kwa mzee mmoja. Posho ni ileile, mabega ni nusu. Mwenyekiti, ambaye mwenyewe alikuwa amestaafu mapema na kunenepa, aliita mkutano kwenye ghala la mbegu.

"Ndugu zangu," akasema, "wauguzi wa misheni wanatuharibia mfuko."

Watu wakacheka. Halafu mpakizi mmoja wa marobota akasimama, akadai sanduku lifunguliwe. Ghala likalipuka: "Fungua! Fungua!" Mwenyekiti akatokwa jasho, akaleta sanduku, akahangaika na kufuli. Ndani mlikuwa na mende mmoja, naye amekufa.

Yalaa! Kelele zilizotoka pale, nilidhani paa litang'oka. Mwizi, fisi, rudisha pesa zetu! Nikapanda juu ya gunia, nikapiga ukelele. "Tulieni! Hakuna aliyeiba. Pesa zenu mlizila Jumamosi!"

"Sisi hatukula!"

"Wamekula baba zenu. Na nyinyi mtakula za watoto wenu. Kama wapo."

 Nikawaeleza kwamba njia ni tatu tu. Ama kila mtu akatwe mara mbili ya alichokatwa, ama posho ya wazee igawanywe nusu, ama watu wachelewe kustaafu, ili walipe muda mrefu zaidi na kulipwa muda mfupi zaidi. Hakuna ya nne, isipokuwa wanawake wa kiwandani wazae watu wazima.

Vijana wakasema wakikatwa mara mbili watapanda basi la kesho asubuhi, na wakiondoka nani atabaki kuchanga? Wazee wakasema atakayegusa posho yao watamlaani, na wakaanza kutaja ukoo wake. Ikabaki njia ya tatu, ambayo haikumuuma yeyote aliyekuwa na sauti kubwa. Wazee walikuwa wamekwisha kustaafu. Vijana walidhani hawatazeeka. Mikono ikapanda juu kama siku ya kura: umri uwe sitini.

Baba hakuinua mkono. Alikuwa anakohoa.

Wiki ileile kiwanda kikazeeka. Kila asubuhi mtu analeta shahidi. Huyu amekuja na shangazi aapaye kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, yule amekuja na mama mzazi, kikongwe amebebwa kwa baiskeli kutoka Rongo kuja kuthibitisha kwamba mwanawe ni mzee. Mwenyekiti akaona sasa watastaafu wote kwa pamoja, akafunga mlango. Akatangaza kwamba umri utakaohesabiwa ni ule ulioandikwa siku ya kuajiriwa, basi.

Mpakizi aliyedai sanduku lifunguliwe alikuwa ameingia kazini akiwa mtoto, na karatasi ikamwita mtu mzima; kwa karatasi alikwisha kupita hamsini na mitano, ila alipenda mshahara. Kwa hiyo alistaafu mwaka uliofuata, ana nguvu za fahali wawili, akaenda Muhuru Bay kuvua samaki na posho juu. Baba yangu, aliyekuwa tayari amepita sitini, akaandikiwa kwamba bado miaka sita.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikalia. Sioni haya kusema. Nililia kwa hasira. "Jaduong', mzee wangu, unamjua baba. Mlichezea uchi pamoja mtoni. Wewe umestaafu, yeye atabeba marobota?"

"Binti yangu," akasema, "kanuni ni kanuni. Tukimwachia yeye, tutawaachia wote. Na aliyemwambia ajifanye kijana ni nani?"

Nilimweleza baba jioni akiosha miguu. Alicheka hadi akakohoa. "Mwache," akasema. "Nilikula mshahara kwa ule uongo. Lakini ningependa kuona mtama mwaka huu."

Hakuuona. Ijumaa zilipita, na kila Ijumaa nilimkata baba yangu mchango kwa mkono wangu, na Jumamosi mwenyekiti akaja kuchukua. Masika ya pili alianguka kando ya mashine, mikono imeshika pamba. Tulimrudisha Migori kwa lori la kiwanda, juu ya magunia ya mbegu.

Mfuko haukuwa na fungu la mjane. Mwenyekiti alikuja matangani amevaa koti. Akasimama mbele ya watu, akavua kofia.

"Marehemu alikuwa mwanachama bora kuliko sisi sote," akasema. "Alichanga tangu mwanzo mpaka siku yake ya mwisho, na hakuchukua hata senti moja. Kama kila mtu angekuwa kama yeye, mfuko huu usingekuwa na shida."

Alimaanisha kumsifu. Ninaamini hivyo hadi leo, na ndiyo maana sijamsamehe. Watu wakaitikia, wengine wakafuta machozi. Kisha chakula kikaandaliwa, naye akala, akaomba aongezewe nyama.

Mama akachukua sahani ya mwenyekiti, akaijaza mpaka ikafurika, akamwekea mbele kwa mikono miwili.

"Kula, shemeji," akamwambia. "Mwenye hii hatakuja kuidai."