Hesabu ya Katibu wa Kikundi cha Pilipili Hoho

Katibu wa kikundi alikuwa mwanamke mwenye miaka ishirini na tisa, shamba la kukodi la pilipili hoho, na kichwa kigumu ambacho mama yake alisema amekirithi kwa baba. Cheo chake hakikuwa na mshahara. Kazi yake ilikuwa kuandika, na wenzake walimpa kazi hiyo kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeweza kukaa na karatasi saa tatu bila kusinzia.

Miaka miwili nyuma kikundi kilipata ruzuku yake ya kwanza. Mwenyekiti, mzee wa maneno mengi na moyo mzuri, alikuwa ameahidi kuwainua vijana sitini. Walipatikana kumi na tisa. Mfadhili aliomba orodha, akaomba picha, kisha akanyamaza. Katibu ndiye aliyetia saini ripoti ile ya aibu, na siku hiyo aliapa kwamba hataandika tena namba asiyoweza kuionyesha shambani.

Ndiyo maana andiko la kuomba ruzuku safari hii lilimchukua miezi mitatu. Alitembea na mdogo wake, msichana mcheshi aliyejiunga na kikundi mwaka huo, wakahesabu kreti sokoni wiki sita mfululizo: kati ya kila kreti kumi za hoho, nne zilioza kabla ya kuuzwa. Hapo ndipo lengo lilipotoka. Vijana thelathini, hasara ishuke kutoka kreti nne hadi moja katika miezi kumi na minane, ushahidi uwe madaftari ya mauzo na risiti za wanunuzi. Shughuli zikafuata lengo: mabomba ya kumwagilia kwa matone na kreti za plastiki kwa kila kijana, banda moja la kivuli, mwalimu mmoja wa kilimo. Mwenyekiti alitaka pikapu. Katibu aliuliza pikapu itapunguza kreti ngapi za kuoza, na pikapu ikafutwa.

Jibu lilikuja Jumatatu. Mfadhili amelipenda andiko, ila fedha zimepungua: wakate moja ya tano ya bajeti, warudishe andiko kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

"Rahisi kama kunywa maji," mwenyekiti alisema ofisini, yaani chumba cha nyuma cha duka la pembejeo. "Moja ya tano ya thelathini ni sita. Andika ishirini na nne."

"Siyo sita, mzee. Ni kumi."

"Kumi imetokea wapi?"

Katibu alimgeuzia karatasi. "Mwalimu ni yuleyule, awe na vijana ishirini au thelathini. Banda nalo haliwezi kujengwa robo tatu. Hivyo viwili vinakula mafungu arobaini katika kila mia. Sitini zilizobaki ni vifaa vya vijana, kila mmoja mafungu mawili. Ukitoa ishirini, zote zinatoka kwenye vifaa. Zinabaki arobaini. Hao ni vijana ishirini."

Mwenyekiti alizihesabu kwa vidole, akaguna. "Basi tupunguze siku za mwalimu. Nani atajua?"

"Hoho zitajua. Zitaoza."

Mkutano ulikuwa umepitisha kwamba wakipungukiwa, waliojiunga mwisho ndio watakaosubiri. Mdogo wake katibu alikuwa wa ishirini na mbili kwenye orodha. Kwa hesabu ya mwenyekiti angekuwemo.

"Mdogo wako je?" mwenyekiti aliuliza taratibu. Hakuwa akimkebehi, naye alimpenda yule binti.

"Nimeshamwona kwenye orodha, mzee."

Aliandika ishirini. Akapunguza namba ya kreti, akapunguza idadi ya madaftari, akaongeza mistari miwili kueleza kwa nini kukata moja ya tano ya fedha kunaondoa theluthi ya vijana. Alihofia mistari ile ingewagharimu ruzuku yote. Alituma andiko Alhamisi mchana.

Wiki mbili baadaye simu yake iliita yuko kwenye matuta. Mfadhili amekubali ishirini. Mwenyekiti, alipopewa habari dukani, alipiga kelele za furaha mpaka wateja wa duka wakatoka nje. Katibu hakupiga kelele. Alimfuata mdogo wake kwenye mstari wa pili, alikokuwa akichuma.

"Tumepata," alisema. "Wewe hukupata."

Mdogo wake aliweka ndoo chini. "Ungeandika ishirini na nne ningekuwemo?"

"Ungekuwemo."

"Na fedha zingetosha?"

"Zisingetosha."

Msichana alifuta macho kwa mkono wenye udongo, akajichafua uso mzima. "Nimehesabu kreti wiki sita, dada. Wiki sita!"

"Najua." Katibu alitaka kuongeza neno la kumfariji, na akakosa hata moja ambalo lilikuwa kweli. Akachuchumaa upande wa pili wa mstari, wakaendelea kuchuma mpaka ndoo ya mdogo wake ikajaa.