Ile Arobaini Iko Darasa Gani?

Uvumilivu ulinikatika mwalimu mkuu aliposema "arobaini" kwa mara ya tatu. Tulikuwa kwenye mkutano wa wazazi, tumekaa uwanjani kwenye madawati yaliyotolewa nje, jua la Jumamosi likitupiga utosini. Shule ina wanafunzi mia sita na arobaini, alisema, na walimu kumi na sita. Gawanyeni wenyewe: arobaini kwa kila mwalimu. Halafu akaongeza, kama anayetangaza kupotea kwa kandambili, kwamba watoto wa darasa la kwanza wasiojua kusoma watarudia mwaka.

Binti yangu alikuwa mmoja wao.

Ule ulikuwa mwaka wa kwanza wa maziwa ya bure shuleni, na bado naupenda. Alfajiri tulipanga ndoo bombani tukisemana, redio za majirani zote zikiimba wimbo mmoja, na watoto wakipita na sare zilizopigwa pasi ya makaa. Jioni binti yangu alinirudishia pakiti tupu ya maziwa, ile ya pembe tatu, akaijaza mchanga ikawa mtoto wake. Ada ilikuwa imeondolewa. Watoto walimiminika shuleni, hata kutoka vibanda vya ng'ambo ya mto, na nani angewakataza? Ila walimiminikia mlango mmoja tu, wa darasa la kwanza.

Mle ndani vyumba vilikuwa viwili, kila kimoja na watoto themanini na wanane. Wa nyuma waliketi sakafuni. Mwalimu wa binti yangu, mama mpole aliyekwisha kukauka sauti, alisahihisha madaftari kwa safu: Jumatatu safu ya dirishani, Jumanne inayofuata, hivyo hivyo mpaka ukutani. Binti yangu alikuwa safu ya ukutani, ya Ijumaa. Na Ijumaa, baada ya mapumziko, shule nzima ilitoka kufagia na kucheza. Daftari lake lilijaa bila alama moja ya wino mwekundu. Ndipo nikaambiwa mtoto ni mzito.

Nikasimama. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kidato cha nne kichwani na mdomo ambao mama yangu alikuwa ameshauombea.

"Mwalimu, hiyo arobaini iko darasa gani? Nionyeshe nikaione."

"Mama, huo ni wastani."

"Mtaani kwetu ukigawanya watu kwa vyumba utapata wanne kila chumba. Kwa huyu jirani yangu wako tisa. Mwambie walale kama wanne."

"Na mmoja wao anakoroma kama watatu," jirani akasema, akimtazama mumewe. Uwanja ukacheka.

Mwalimu mkuu hakucheka. Nilimuuliza ni walimu wangapi kati ya hao kumi na sita wana darasa lao. Ikabidi aseme: kumi na wanne. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya hesabu, ofisini kwake, pamoja na mwalimu mmoja wa kuwashikia wenzake nafasi wakiugua. Na darasa la saba? Vyumba viwili, watoto ishirini na watatu kila kimoja. Wengine walikuwa wameacha shule njiani, na waliobaki walipewa nafasi kwa sababu ya mtihani. Shule ilijulikana kwa matokeo.

Baba mmoja mwenye mtoto wa darasa la saba akanigeukia. "Bibi, usituharibie watoto, mtihani uko mlangoni."

"Baba, hata wako alianzia darasa la kwanza," nikamjibu. "Alianza akiwa na dawati."

Mwalimu mkuu akasema kama nina shida niandike. Alidhani ni njia ya kunifukuza. Mwanamke wa kupanga foleni bombani ataandika nini?

Jumatatu nilivaa gauni langu la kanisani, nikashuka mjini hadi ofisi ya elimu ya baraza la jiji. Karani alisoma barua yangu nikimtazama, akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Niliandika hivi:

"Nalalamika rasmi juu ya mpango wa madarasa. Wastani wa wanafunzi arobaini kwa mwalimu ni kweli, lakini hakuna mtoto wa darasa la kwanza anayefundishwa ndani yake. Naomba vyumba viwili vya darasa la saba viunganishwe viwe kimoja cha watoto arobaini na sita. Mwalimu na chumba vitakavyobaki vipewe darasa la kwanza, ligawanywe mara tatu, kila chumba kisizidi watoto hamsini na tisa. Wastani wenu utabaki arobaini vilevile. Naomba pia mtoto yeyote asirudishwe darasa kwa kutojua kusoma kabla daftari lake halijasahihishwa. Nitakuja kuchukua jibu mwenyewe."