Saa Kumi na Mbili ya Nani?

Nisamehe nani? Yule aliyenidanganya sikumsamehe, na mimi sitaki kudanganya hapa.

Nilikuwa nauza sabuni na taa za sola kwenye meza yangu sokoni Kashojwa. Taa nilizitoa kwa mfanyabiashara mmoja wa Kakiika, kule Mbarara mjini, bwana mwenye maneno matamu. Alinitumia video fupi kwa simu: mkono unabonyeza swichi, taa inawaka, ukuta wote mweupe. Chini yake aliandika: «Inawaka mpaka saa 12. Garanti mwaka 1.» Mimi, mjinga wa kuamini, nikaituma vilevile kwenye grupu ya akina mama wa kanisa letu.

Kwetu saa kumi na mbili ni asubuhi, jogoo wameshawika. Kila mama alielewa hivyo.

Mama mmoja wa Juru, kijiji jirani, alinunua kwa sababu mume wake amepooza upande mmoja, na usiku lazima amgeuze. Wiki haikuisha, akanisimamisha mbele ya mlango wa kanisa, watu wanatoka.

«Weye dada uko muongo! Ulisema mpaka asubuhi. Ilizimika katikati ya usiku, mzee akaanguka kutoka kitandani. Nilimutafuta kwa mikono!»

Jumapili iliyofuata benchi letu lilikuwa na nafasi pande zangu zote mbili. Na mezani, hata sabuni watu walienda kununua kwa mwingine. Jina langu ndilo lilikuwa duka langu, na lilikuwa linaoza.

Nikampigia yule bwana. Alicheka, huku akiniita nyabo, yaani bibi!

«Nyabo, mimi naliandika saa kumi na mbili ya simu. Usiku katikati. Wewe ndiyo nasoma vibaya.»

«Na garanti?»

«Garanti iko ya paneli. Betri hapana.»

Ee, nilikasirika! Huyu mtu amezaliwa Mbarara, kwao wanahesabu saa kama sisi, saa moja ni jua linapochomoza. Ile ya simu aliikumbuka siku ya kulaumiwa tu. Nikasema moyoni: subiri, baba, utanijua.

Mwanzo niliandika matusi. Nikayafuta. Tusi angelijibu kwa tusi na watu wangecheka. Nilitaka kitu ambacho hawezi kujibu.

Nikaianika taa yake juani siku nzima. Kesho yake, saa tatu asubuhi, nikachomoa waya wa paneli, nikaiwasha kwa mwanga mkali ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, saa ya ukutani kando yake. Nikachukua video. Sikutoka, hata maharage niliyapikia palepale mlangoni. Saa nane ikazimika, nikachukua tena. Siku ya pili nikairudisha juani, ya tatu nikaipima kwa mwanga mdogo: ilianza saa moja asubuhi, ikafika saa kumi jioni.

Nikaunganisha vipande, nikaandika chini:

«Taa hii, ikishiba jua siku nzima: mwanga mkali masaa matano, mwanga mdogo masaa tisa. Siku ya mawingu itapungua. Garanti: paneli mwaka mmoja. Betri haina garanti. Mara ya kwanza niliwatumia maneno ya mwenye duka bila kupima. Hilo ni kosa langu.»

Nikaituma kwa akina mama, na wao wakaisambaza mpaka Mbarara. Njia ya mwongo ni fupi, jamani.

Siku ya nne baada ya kuituma, yule bwana akanipigia. «Nyabo, bambi, nakuomba, toa hiyo kitu. Watu wanarudisha taa.»

«Sitoi. Ukitaka taa zako ziuzike, njoo uandike ukweli kwenye maboksi.»

Akaja mwenyewe kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi, na boksi kumi na mbili za taa mgongoni. Nilifurahi kumuona hivyo, nasema ukweli. Nikampa kalamu nene ya kuandikia maboksi, mbele ya soko lote.

«Andika. Masaa matano kwa mkali. Tisa kwa mdogo.»

Akaandika, boksi moja moja, jasho linamtoka. Kwenye la kwanza akasimama.

«Na garanti ya betri, naandika nini?»

«Andika hakuna.»

«Nyabo…»

«Ha. Ku. Na.»

Akaandika mara kumi na mbili, na mimi nikasimama nikihesabu kila moja.

Mama wa Juru alikuwa amefika na taa yake. Bwana akampa taa mbili badala ya ile moja, bila hata kuombwa, maana macho ya soko yalikuwa juu yake. Mama akaligeuza boksi, akasoma kwa sauti, pole pole. Bwana akajikohoza, akaanza kumueleza. Mama hakumtazama. Alinigeukia mimi.

«Ni kweli, dada?»

«Ni kweli, mama. Ya kwanza ikizimika, uwashe ya pili.»

Akazifunga katika kitenge chake. Kisha akaniuliza bei ya sabuni.