Flashi Nyekundu ya Mwalimu

Nina mdomo, na nina haraka. Mafundi wenzangu wa Songea wanalijua hilo, na wateja wangu pale Msamala wamelizoea. Mtu akiniletea kompyuta na kuanza kunieleza historia yake toka iliponunuliwa, namkatisha: mama, niambie haiwaki au inawaka? Nilikuwa najiona fundi mwepesi. Siku hizi nikikumbuka wepesi ule roho inaniuma.

Mwalimu alikuja dukani asubuhi ya Alhamisi. Alikuwa mtu wa Tunduru, anafundisha shule moja hapa mjini, mama wa makamo, mpole, ameniletea simu na laptopu zake miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyelia sana. Mama yake alikuwa amefariki, nikampa pole. Akaniambia Jumamosi ni arobaini, kesho anapanda basi la Tunduru, na laptopu imegoma kuwaka tangu juzi.

Niliiwasha, ikaishia kwenye skrini ya buluu, kila mara. Nikamwambia Windows imekufa, inawekwa upya, vitu vyako vya laptopu vitafutika. Akasema vifutike tu, ni mitihani ya zamani. Kitu chake cha maana hakikuwa humo. Akafungua pochi, akatoa flashi mbili.

Hapa dukani ni utaratibu: anayetaka kuwekewa Windows anakuja na flashi yake mwenyewe, maana za kwetu zimeingia kila kompyuta ya mkoa huu na zimebeba kila kirusi. Mwalimu alinunua mpya, nyeusi, GB thelathini na mbili. Ya pili ilikuwa nyekundu, ya siku nyingi, ina kamba ya kiatu. Akaishika hiyo nyekundu bila kunipa.

Wiki moja kabla ya kufa, mama yake alimwambia amrekodi. Walikuwa watoto watano, na wanne walikuwa mbali. Bibi huyo akaongea na mmoja mmoja kwa zamu, kwa majina yao ya nyumbani, kuanzia mwalimu ambaye ndiye mkubwa mpaka kitinda mimba. Kama nusu saa hivi. Mwalimu alirekodi kwa kirekoda kidogo cha shule, akahamishia kwenye flashi, kirekoda akakirudisha na wenzake wakakifuta. Wadogo zake hawakuwahi kufika, walikuta kaburi. Alitaka laptopu ipone ili Jumamosi, baada ya hitima, kila mtu asikie alichoachiwa na mama.

"Nyeusi ndiyo ya kazi yako, fundi. Hii nyekundu usiiguse mpaka laptopu ipone, ndipo uniwekee sauti ya mama humo," aliniambia. Akaiweka juu ya meza na kwenda kutafuta tiketi.

Nilikuwa na Windows mpya niliyoishusha kwenye kompyuta ya duka wiki ile ile. Ya zamani niliyokuwa nawawekea watu kila siku haikunisumbua hata mara moja. Nikafomati ile nyeusi kwa mfumo wa FAT32 kama nilivyozoea, maana laptopu kama ya mwalimu haitaki kuwakia flashi ya mfumo mwingine, nikaanza kunakili. Ikaenda vizuri, halafu ikasimama kwenye faili moja, lile kubwa linalobeba Windows yenyewe, linaloitwa install.wim. Kompyuta ikaniambia faili ni kubwa mno kwa flashi hii.

Kubwa mno? Faili ni GB tano na kidogo, flashi ni GB thelathini na mbili. Nikaangalia nafasi, ipo tele. Nikafomati tena, nikarudia, ikagoma pale pale. Nikasema hapa mwalimu amepigwa, ameuziwa flashi feki. Na sikusema kimoyomoyo, nilisema mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili akasikia. Flashi feki zimejaa mjini, imeandikwa thelathini na mbili ndani ni mbili, kila fundi anakutana nazo. Kwa hiyo sikujiuliza swali la pili.

Saa zilikuwa zinakwenda. Flashi yangu mwenyewe ilikuwa mbovu. Nikaitazama nyekundu.

Nitajitetea kidogo, halafu niache. Sikuifuta kijinga, au nilidhani hivyo. Niliichomeka, nikaona folda moja imeandikwa Mama. Nikainakili kwenye kompyuta ya duka. Ikamaliza kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya. Sauti ya nusu saa, kwa flashi chakavu namna ile, haiwezi kuhama kwa kufumba na kufumbua, na mimi hilo nalijua vizuri. Ila nilikuwa na hasira na muuza flashi, nikaona jina la Mama limekaa kwenye kompyuta yangu, nikaridhika. Nikaifomati nyekundu.

Nikanakili Windows upya. Mafaili madogo yakaingia yote. Lilipofika lile kubwa, maneno yakawa yale yale: kubwa mno kwa flashi hii.

Hapo ndipo nilipompigia simu fundi mwenzangu wa kule stendi. Nikamweleza kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyeuza flashi zile. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia flashi zako zote nzima, dada, wewe ndiye feki. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB nne, hata flashi iwe tupu na kubwa namna gani. Windows ya zamani faili lake lilikuwa chini ya hapo, ndiyo maana hukuwahi kukutana na hili. Faili linakatwa, akasema, na chombo cha kukatia kimo ndani ya Windows yako mwenyewe.

Akanitajia amri ya chombo hicho, DISM, nikaandika herufi kwa herufi: likate install.wim, kila kipande kisizidi megabaiti elfu tatu na mia nane, vipande viitwe install.swm. Dakika chache tu, vikatoka viwili, install.swm na install2.swm. Nikaviweka kwenye ile flashi nyeusi, ndani ya folda ya sources pale lilipopaswa kukaa lile zima, na lile zima nikaliacha nje. Vikaingia bila neno. Laptopu ya mwalimu ikawakia flashi, Windows ikaviona vipande vyote viwili yenyewe na kuviunga, ikakaa. Kufika saa nane laptopu ilikuwa mpya.

Nilifurahi, sitaficha. Nikaanza kumwekea sauti ya mama yake, akija akute kazi imekwisha. Nikabofya ile folda kwenye kompyuta ya duka. Haikufunguka. Nikatazama ukubwa wake, nikakuta ni kilobaiti moja.

Haikuwa folda. Ilikuwa shotikati. Kile kirusi ambacho kila mwenye flashi mji huu amewahi kuwa nacho: kinaficha folda yako ya kweli na kukuwekea nyingine ya bandia yenye jina lile lile, ukiibofya inakupeleka kwenye ya kweli, kwa hiyo hujui kitu. Nimewasafishia watu kirusi hicho mara ambazo siwezi kuhesabu. Nilikuwa nimenakili jina la mama wa watu, sauti nikaifuta.

Nilichomeka tena ile nyekundu. Halafu nikaanza kuitafuta sauti. Flashi iliyofomatiwa haraka huwa haijafutwa kweli, vitu vinabaki mpaka uandike vingine juu yake. Lakini mimi nilikuwa nimeandika. Yale mafaili madogo ya Windows yalikuwa yameingia kuanzia mwanzo wa flashi, juu ya bibi. Programu ya kufufua ilihangaika zaidi ya saa moja, ikaniletea kipande kimoja cha sauti, mkia wa rekodi. Sekunde tisa.

Mwalimu aliporudi nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimweleza yote, ya flashi feki na ya shotikati na ya faili kukatwa, nikaongea sana kama kawaida yangu. Nikamsikilizisha kile kipande. Sauti ya kizee, kwa Kiyao, lugha nisiyoijua. Mwalimu akasikiliza mara tatu.

Nikamuuliza anasema nini. "Anasema basi, zima mwanangu, mkono utakuuma," akajibu.

Nilimwomba msamaha, nikalia mbele yake. Hakunitukana. Ningetukanwa ningepata pa kujificha. Alisema kwamba yeye alikuwepo, ya kwake aliyasikia na ya wenzake atawasimulia. Kisha akasema jambo moja.

"Twende Tunduru, ukawaambie wewe. Mimi siwezi kuwaambia nilikuwa na sauti ya mama na sasa sina."

Nilifunga duka, kesho yake nikapanda naye basi. Tulipofika Namtumbo alininunulia mahindi ya kuchoma, nikashindwa kuyala.

Jumamosi, baada ya hitima na chakula, majirani walipoondoka, wakabaki wao watano mkekani na mimi mlangoni. Nikawaambia. Safari hii sikuongea sana. Nilisema sauti ya mama yenu iliwekwa mikononi mwangu nami nimeifuta, kwa haraka yangu. Kaka mmoja alitoka nje. Dada aliyemfuata mwalimu kwa kuzaliwa alijifunika uso kwa mtandio. Kitinda mimba, kijana mkubwa mwenye ndevu, anauza mawe ya thamani hapo Tunduru, alikuwa migodini simu haishiki mtandao wakati mama anaumwa. Akaomba asikie kilichobaki. Nikamchezea zile sekunde tisa, akaomba tena, nikamchezea tena.

Yule kaka aliitwa akarudi. Mwalimu akakaa vizuri, akaanza kuwasimulia. Alianza na yule dada: mama alisema shamba la mikorosho usiliuze, na magauni yake uyachukue wewe. Dada akaitikia kwa kichwa chini ya mtandio. Akaenda kwa wa tatu, akaenda kwa yule kaka, akiwaigizia hata mama alivyokuwa akipumzika katikati ya maneno. Walikuwa wanalia na kucheka. Nikaanza kupumua, nikasema moyoni labda Mungu amenisitiri.

Akafika kwa kitinda mimba. Akasema mama alikuita jina lako la utotoni, akalitaja. Akasema, "Alisema kwamba wewe..." Akajaribu tena. Akasema wakati ule mama alikuwa amechoka, sauti imeshuka, na yeye mkono ulikuwa unamuuma kwa kushika kirekoda, na alijua kinarekodi, atasikia baadaye vizuri.

Tulisubiri. Aliziba uso kwa viganja, akatafuta, nikamwona anatafuta.

"Sikumbuki," akasema. "Mdogo wangu, nisamehe, sikumbuki."

Kijana akasogea mkekani mpaka alipokaa dada yake, akamshika mkono. Akamwambia basi, dada, acha. Mimi niliendelea kukaa pale mlangoni, na hakuna aliyenigeukia.