Asidi ya Benchi la Nyuma

Mwaka niliomaliza chuo, bodi ya shule moja ya bweni ya wasichana nje kidogo ya Njoro ilinichukua nifundishe kemia kwa mkataba wa muhula mmoja. Niliogopa kuchelewa, niliogopa kufika mapema mno nikaonekana najipendekeza, niliogopa kuuliza maswali na niliogopa kutouliza. Mkuu wa idara alikuwa ameanza kufundisha kabla sijazaliwa. Aliniita "madam wa chuo", na mpaka leo sijaamua kama alikuwa ananisifu.

Alasiri hiyo tulikuwa tukisahihisha karatasi za mtihani wa majaribio za kidato cha nne, tumekaa maabarani kwa sababu chumba cha walimu kilikuwa na kelele. Swali la kwanza lilikuwa titresheni. Mwanafunzi hupima kwa pipeti sentimita za ujazo 25.0 za sodiamu kaboneti, anatia matone ya kiashiria kiitwacho methili oranji, kisha anafungulia asidi kutoka kwenye bureti polepole hadi rangi ibadilike. Nguvu ya kaboneti ameandikiwa: moli 0.1 kwa lita. Nguvu ya asidi hajui. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

Asubuhi kabla ya wasichana kuingia, mwalimu hulifanya jaribio hilo mwenyewe kwa maji yaleyale watakayotumia. Jibu lake huitwa thamani ya shule, na kila mmoja husahihishwa kwa kulinganishwa nalo. Siku hiyo nililifanya mimi, nikapata sentimita 20.0 za asidi. Nilirudia mara nyingi kuliko inavyohitajika, kwa sababu ilinitisha kwamba ukweli wa darasa zima ungetoka kwenye mkono wangu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mlingano ulikuwa umechapishwa kwenye karatasi:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Kaboneti iliyo kwenye flaski ni 0.1 × 25 ÷ 1000, yaani moli 0.0025. Mlingano unasema kila moli moja ya kaboneti hula moli mbili za asidi, kwa hivyo asidi ni moli 0.005. Moli hizo zimetoka kwenye ujazo wa 20.0, basi 0.005 × 1000 ÷ 20 ni 0.25. Karatasi baada ya karatasi: 19.9, 20.1, 20.0. Mkuu wa idara alipiga tiki bila kuinua kichwa.

Halafu akasimama kwenye moja.

"Huyu amepika."

Kupika ni neno la maabara zetu. Msichana muda unamwishia, au amemwaga asidi, basi anabuni vipimo vya bureti na kuvipanga vikubaliane. Karatasi hii ilikuwa na 10.1, 10.0 na 9.9. Wastani 10.0. Nguvu ya asidi 0.5.

"Zimekubaliana mno," akasema. "Na ziko mbali na za shule kama Keringet na Mombasa. Hii nafuta. Na mzazi aje Jumatatu."

Nilimjua mwenye karatasi. Kwa kuwa idadi yao haikugawanyika sawasawa, alifanya kazi peke yake kwenye benchi la nyuma karibu na sinki. Kwao ni Keringet kwelikweli, na mama yake ndiye anayekama ng'ombe wote wa nyumba hiyo.

Ningenyamaza. Mkataba wangu ulikuwa unaisha muhula huo. Lakini akili yangu ikishika kitu haikiachi, na ilikuwa imeshika ile nusu, 10.0 badala ya 20.0. Anayepika huchungulia jirani, huandika 20.2 au 19.8. Nani apike nusu kamili? Nikafikiri labda alichukua pipeti ndogo, ya 10. Nikapiga hesabu pembeni: angepata 8.0. Ili kupata nusu angehitaji pipeti ya 12.5, na pipeti kama hiyo hatuna. Nikapitia hatua zake moja moja. Moli 0.0025, sawa. Mara mbili, sawa. Kugawanya kwa kumi, sawa. Hakuna mahali alipokosea.

"Mwalimu," nikasema, "tungemuuliza kwanza."

"Umuulize nini? Atakwambia alipika?"

Hata hivyo akamtuma mtu kumwita. Msichana alikuja na kusimama mlangoni, mikono nyuma.

"Sikupika, mwalimu."

"Nani amesema umepika?"

"Darasa lote linasema, mwalimu. Wote wana ishirini."

Nikamuuliza rangi ilikuwaje.

"Pinki, madam."

"Si unaona," akasema mkuu wa idara. "Hata ya wenzake iliishia pinki. Methili oranji ikizidishiwa asidi huwa pinki."

"Ya kwangu haikuishia pinki," msichana akasema. "Ilianza pinki. Halafu ikapotea, ikawa kama maji."

Nilienda kwenye benchi la nyuma. Chupa ndogo ya kiashiria ilikuwa bado pale, lebo yake imeliwa na asidi hadi ikabaki karatasi tupu ya kahawia. Methili oranji ina rangi hata ikiwa chupani. Hii haikuwa na rangi, kama maji. Ilikuwa fenolfthalini, kiashiria kingine, iliyobaki karibu na sinki tangu jaribio la wiki nyingine, na hakuna aliyeiondoa.

Ndipo ile nusu ikafunguka. Kaboneti haimezi asidi yake yote kwa mkupuo. Humeza moli ya kwanza na kuwa baikaboneti, na hapo fenolfthalini hupoteza rangi. Methili oranji husubiri hadi moli ya pili. Msichana alikuwa amesimama katikati ya safari kwa sababu kiashiria chake kilimwambia amefika, kisha akatumia mlingano wa safari nzima.

Nililieleza hilo vibaya, nikirudia maneno. Mkuu wa idara alichukua pipeti, akajaza bureti, akatia matone ya ile chupa. Pinki. Akafungulia asidi, na rangi ikafifia polepole hadi ikaisha kwenye 10.0. Bila kuniangalia akanyoosha mkono, nikampa methili oranji. Akatia kwenye flaski ileile, ikawa njano. Akaendelea kufungulia. Njano ikageuka ya chungwa kwenye 20.0.

Tulitazama flaski ile sote watatu.

"Sasa piga hesabu," akamwambia msichana. "Moli moja kwa moli moja, si moja kwa mbili."

Aliandika ubaoni. 0.0025 × 1000 ÷ 10. Akaandika jibu, 0.25, akageuka.

"Ni ileile yao."

"Asidi yako ilitoka chupa moja na yao," nikasema. "Ungetaka iwe nyingine?"

Mkuu wa idara alirudi kwenye karatasi na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: thamani ya shule, benchi la nyuma, 10.0. Akampa alama za usahihi zote, na za hesabu pia, kwa sababu mlingano ule tulimpa sisi. "Mtihani wenyewe wa taifa hautakuuliza chupa ilikuwa gani," akamwambia. "Siku hiyo rangi ikikataa kufuata karatasi, inua mkono."

"Ndiyo, mwalimu. Na mama?"

"Mama abaki na ng'ombe wake."

Alitoka karibu akikimbia. Mkuu wa idara akavuta karatasi iliyofuata, akaisukuma kwangu badala ya kuisahihisha.

"Madam, angalia hii. Ina 20.6. Nayo ikusumbue kidogo."

Sikujua kama ananicheka. Niliichukua, nikaanza upya kutoka kwenye mlingano.