Siku Niliyovaa Gunia Darasani

Nianze na upumbavu wenyewe: nilivaa gunia la mahindi kichwani, nimelitoboa matundu mawili ya macho, nikawapangisha wenzangu mstari darasani. Katika Embu yetu ya Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka Mau Mau, hakuna mzaha mbaya kuliko huo. Mtu wa gunia huletwa na askari, na kijiji kizima hupita mbele yake mmoja mmoja. Haongei. Akitikisa kichwa kukataa, unapita. Akikiinamisha, unapakiwa kwenye lori. Tunamwita kigunia. Nani yumo ndani, hatujui. Huenda ni jirani uliyemwazima jembe juzi.

Kilichonitia wazimu ni kitabu. Mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana mwembamba mwenye koti moja, alikuwa akitusomea riwaya kila alasiri, kurasa chache, halafu tunabishana kwa Kiswahili. Ilihusu mji wa kubuni wenye mnara wa vioo vyeusi. Aliye juu anaona kila dirisha. Walio chini hawamwoni. Mapazia yamepigwa marufuku.

"Mnarani kuna askari wangapi?" mwalimu akauliza.

"Wengi!"

"Sikilizeni tena." Akarudia kusoma, polepole. Hapakutajwa askari hata mmoja.

"Kumbe mnara unaweza kuwa mtupu, mwalimu," akasema msichana wa dawati la mbele.

"Basi si wapande waangalie?" nikarusha. "Wajinga hao!"

"Utahitaji mtu wa kukushikia ngazi," mwalimu akaniambia. "Utamwomba nani?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake wa dawati, kisha akatazama pembeni.

"Mtawala anakaa hapo," mwalimu akasema. "Si kule juu."

Dirishani tuliona mnara wa magogo wa kijiji chetu na handaki lenye vijiti vilivyochongwa ncha. Hakuna aliyeutaja. Sasa mimi, kimya huniwasha kama upupu. Kesho yake nikaja na gunia.

Mwalimu alipouliza mtu anatii vipi kitu asichokiona, nikalivaa. "Pangeni mstari!" nikanguruma. Wakacheka, lakini wakapanga. Wa kwanza nikamtikisia kichwa, akapita akirukaruka. Wa pili vilevile. Wa tatu nikamwinamishia.

Huyo alikuwa rafiki yangu wa kuchunga mbuzi. Baba yake alichukuliwa hivyo hivyo, na hajarudi. Aliacha kucheka. Akaweka mikono kichwani, akaenda kuchuchumaa kwenye kona, kama wanavyofanya wanaoinamishiwa na kigunia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Waliofuata wakaja wameinamisha macho.

"Vua," mwalimu akasema. Akawageukia. "Mlijua ni yeye?"

"Tulimjua kwa miguu, mwalimu. Imejaa funza," akajibu mmoja.

"Sasa mbona mliangalia chini?"

Mlangoni tayari alikuwa amesimama homugadi, mmoja wa walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, na bunduki yake. Kicheko chetu kilikuwa kimemvuta kutoka barabarani.

"Nani amewafundisha mchezo huu?"

"Tunasoma hadithi," mwalimu akasema. "Ya mji usiokuwapo."

"Kama haupo, mbona yule amechuchumaa?" Akakichukua kitabu mezani, akakitia kwapani. Kisha akanigeukia. "Wewe si kigunia? Vaa tena. Huyu mwalimu ndiye amekutuma? Nionyeshe."

Nikavaa. Ndani kulinuka mahindi yaliyobunguliwa, na pumzi yangu mwenyewe ilinichoma uso. Kwenye matundu niliona kifungo tu cha koti la mwalimu, kikipanda na kushuka. Hapo ndipo nilipoelewa kitabu kuliko siku zote za kubishana. Nikiinamisha kichwa mara moja, mimi naenda kucheza, yeye anapanda lori, na hakuna atakayesema nilifungua mdomo. Rahisi hivyo. Tena kichwa kilikuwa kimeshaanza kushuka chenyewe! Nikakaza shingo. Nikatikisa kukataa.

"Nani basi?"

Nikajielekezea kidole.

Nilichapwa palepale, mbele ya darasa, kisha nikapelekwa kuchimba handaki pamoja na akina mama waliolazimishwa kazi hiyo, mpaka giza. Mwalimu hakupakiwa kwenye lori. Lakini siku hizi kila asubuhi lazima aripoti kambini kwa homugadi kabla ya kuja darasani, na sisi husubiri tukitazama njia kama atatokea. Akifika, anatufundisha majina ya mito. Kitabu hatujakiona tena. Yule rafiki yangu amehamia dawati lingine, na mimi sijamuuliza kwa nini.

Jioni ile niliingia nyumbani nikichechemea, nimetayarisha mzaha wa kumchekesha mama. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Alinisikiliza hadi mwisho bila kugeuka, akisukuma kuni chini ya chungu. Halafu akasema, "Kwa hiyo wamekuona ukikataa, darasa zima, na homugadi naye. Basi kuanzia leo wewe kwao si mtoto. Kula viazi hivyo, na ukimaliza usitoke nje."